Kabla Katibu Mkuu hajasaini: barua ya kuomba data za wodi ya wazazi

Barua ya mtafiti ikifika wizarani, karani wa masjala huigonga muhuri wa kupokelewa, huiweka kwenye jalada na kulipeleka jalada hilo juu. Katibu Mkuu hulishusha kwa mkurugenzi, mkurugenzi kwa afisa, na afisa huandika dokezo: mwombaji ni nani, anataka nini, akipewa kutatokea nini. Jalada hurudi juu likiwa na dokezo hilo. Anayesaini mwishoni mara nyingi hasomi barua yote. Husoma dokezo, na mwandishi wa dokezo hana cha kuandika zaidi ya alichokipata kwenye barua.

Nimesoma barua nyingi za namna hii, nyingine za wanafunzi wa uzamili, nyingine za mashirika makubwa yenye wanasheria wao. Kasoro yake kubwa ni moja: zimejaa sababu za kwa nini utafiti ni muhimu, na ombi lenyewe limebanwa kwenye sentensi moja ya mwisho, “tunaomba kupatiwa data za afya ya uzazi za mkoa huu kwa miaka mitano iliyopita.” Afisa akikutana na sentensi hiyo hawezi kuandika dokezo. Data zipi? Zilizopo wapi? Za mtu mmoja mmoja au jumla ya mwezi? Nani atazishika, na zikivuja ataitwa nani kujieleza? Kwa kuwa barua haijibu, analiacha jalada mezani. Mwombaji husema serikali inaficha takwimu, ilhali mara nyingi afisa amekosa tu kitu cha kupendekeza.

Hoja yangu ni kwamba barua ya kuomba data za wagonjwa inapaswa kuandikwa kuanzia kwenye safu za daftari, na kila safu iwe na sababu yake. Nitaieleza kwa mfano mmoja nilioutunga, kwa sababu hoja hii ikielezwa kwa ujumla kila mtu huikubali na kesho yake anaandika barua ileile ya zamani.

Tuseme mhadhiri wa chuo kikuu nchini Tanzania anataka kujua kama akina mama wanaopewa rufaa kutoka zahanati huwapoteza watoto wakati wa uchungu zaidi ya wanaokwenda hospitali moja kwa moja. Amechagua hospitali tatu za mkoa mmoja: hospitali ya rufaa ya mkoa na hospitali mbili za wilaya. Kipindi chake ni Januari 2022 hadi Desemba 2024.

Jambo la kwanza la kujua ni data hizo zipo wapi. Wengi huandika “data za DHIS2” kwa sababu ndiyo jina walilolisikia. Mfumo huo, ambao asili yake ni Chuo Kikuu cha Oslo, hupokea jumla za kila mwezi kutoka vituoni: waliojifungua wangapi, watoto waliozaliwa wafu wangapi. Jumla hizo hazimwambii mhadhiri wetu kama mama aliyempoteza mtoto ndiye aliyekuja kwa rufaa. Ili aunganishe mambo hayo mawili anahitaji mstari wa mama mmoja mmoja, na mstari huo upo kwenye Kitabu cha 12 cha MTUHA, daftari kubwa la wodi ya wazazi linaloandikwa kwa kalamu na mkunga wa zamu. Kinyume chake pia hutokea: mtu anayetaka tu kujua kama idadi inapanda au inashuka huomba daftari lenye majina, wakati jumla za mwezi zingemtosha na asingelazimika kumgusa mgonjwa yeyote.

Jambo la pili ni nani mwenye mamlaka juu ya daftari hilo. Hapa barua nyingi hupotea miezi. Hospitali za rufaa za mikoa zipo chini ya Wizara ya Afya. Hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati za serikali zipo chini ya halmashauri, na halmashauri zipo chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Mhadhiri wetu anahitaji barua mbili, au barua moja kwa kila Katibu Mkuu ikiwa na nakala kwa mwenzake. Akimwandikia wa Afya tu, atafika hospitali ya wilaya na kuambiwa, kwa haki kabisa, kwamba karatasi aliyoshika haiwahusu.

Na hapo lazima atofautishe karatasi tatu ambazo watu huzichanganya. Cheti cha maadili, kinachotolewa na kamati ya maadili kama ile ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kinasema utafiti hauwadhuru wahusika. Kibali cha utafiti, kile ambacho Tanzania hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia na Kenya na NACOSTI, kinamruhusu mtu kufanya utafiti nchini. Ruhusa ya kufikia data ni ya mwenye data. Anayesema “kibali ninacho” akiwa na moja kati ya hizo bado hajafungua daftari. Barua nzuri hutaja namba na tarehe ya kila karatasi ambayo mwombaji anayo, na kusema wazi ni ipi ambayo bado inasubiriwa.

Sasa tufike kwenye safu. Kitabu cha 12 kina jina la mama, anakotoka, umri, mimba ya ngapi, tarehe na saa ya kujifungua, njia aliyojifungulia, uzito wa mtoto, hali ya mtoto, hali ya VVU, jina la mzalishaji na mengine mengi. Kishawishi cha mtafiti ni kunakili yote, “huenda yakahitajika.” Neno hilo “huenda” ndilo linaloharibu barua. Mhadhiri wetu akikaa na swali lake kwa utulivu ataona anahitaji safu tisa tu: namba ya siri ya hospitali, mwezi wa kujifungua, kundi la umri, mimba ya ngapi, kama alikuja kwa rufaa, umbali kutoka anakoishi, uzito wa mtoto, njia ya kujifungua na hali ya mtoto alipozaliwa.

Uzito upo kwa sababu Shirika la Afya Duniani, kwa ajili ya kulinganisha nchi na nchi, huhesabu mtoto aliyezaliwa mfu kuanzia wiki 28 za mimba au gramu 1,000, na umri wa mimba mara nyingi haujulikani vizuri. Bila uzito hesabu yake haitalinganishwa na ya mtu mwingine. Hali ya mtoto inahitajika kwa undani zaidi ya “hai” au “mfu.” Wakunga hutofautisha mtoto aliyefariki wakati uchungu umekwisha kuanza, ambaye ngozi yake bado nzima, na aliyefariki tumboni kitambo kabla, ambaye ngozi imeanza kuchubuka. Swali la mhadhiri linamhusu huyo wa kwanza, kwa kuwa ndiye ambaye huduma ya siku ile ingeweza kumwokoa. Utofautishaji huo hufanywa kwa macho na hukosewa. Barua ikisema hivyo, na kueleza kwamba atalinganisha sampuli ndogo na patografu kuona kama mapigo ya moyo wa mtoto yalisikika mama alipopokelewa, afisa atajua anazungumza na mtu anayeijua wodi. Ila sampuli hiyo nayo lazima iombwe kwenye barua hii hii: mafaili mangapi, yatachaguliwa vipi, yatasomwa na nani. Haiwezi kuongezwa baadaye kwa mdomo pale masjala ya hospitali.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile inayotaja asichoomba. Jina haombi. Namba ya simu haombi. Hali ya VVU haombi, kwa sababu haimo kwenye swali lake. Kijiji haombi, anaomba karani wa hospitali akigeuze kuwa umbali katika makundi matatu: chini ya kilomita 5, kilomita 5 hadi chini ya 10, kilomita 10 na zaidi. Tarehe kamili haombi, mwezi unamtosha. Jina la mkunga haombi. Hili la mwisho waandishi wengi hulisahau, na ndilo linalofungua mlango hospitalini. Mganga mfawidhi anayesikia “vifo vya watoto wakati wa uchungu” huwaza mara moja zamu gani, nani alikuwepo, nani ataandikwa gazetini. Ukimwambia kwa maandishi kwamba jina la mtumishi halitachukuliwa na hospitali hazitatajwa kwa majina wala kupangwa kwa ubora, umemwondolea hofu iliyo halali.

Kuna msomaji atakayesema ninatia chumvi, kwamba ukiondoa jina tu mambo yamekwisha. Marekani ilijifunza kwamba hayajaisha. Katikati ya miaka ya 1990 taasisi ya bima ya watumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts iliwapa watafiti rekodi za hospitali zilizoondolewa majina, lakini ikaacha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Gavana wa wakati huo, William Weld, alikuwa amewahakikishia watu kwamba faragha yao iko salama. Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa sayansi ya kompyuta, alinunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20 na kulilinganisha na rekodi zile. Watu sita walikuwa na tarehe ya kuzaliwa sawa na ya gavana. Watatu walikuwa wanaume. Mmoja tu aliishi kwenye eneo lake la posta. Sweeney akawa ameipata rekodi ya matibabu ya gavana mwenyewe.

Kwetu hapahitajiki hata daftari la wapiga kura. Kijiji chenye kaya mia tatu kinajua ni nani aliyekwenda hospitali Machi na akarudi bila mtoto. Ukichapisha mstari unaosema mama wa miaka 41, mimba ya nane, kijiji fulani, mtoto mfu, umemtaja. Ukiongeza safu ya VVU umemtangaza. Ndiyo maana tarehe inakuwa mwezi, umri unakuwa kundi la miaka mitano na kijiji kinakuwa umbali, na ndiyo maana mambo hayo yafanyike kabla data hazijatoka hospitalini, yasiachwe kama ahadi ya baadaye.

Hatari hiyo hurudi tena kwenye majedwali ya ripoti, na barua inapaswa kuigusa. Desturi ya watakwimu wengi ni kutochapisha idadi iliyo chini ya 5. Mtu hufunika namba hiyo kwa nyota na kujiona amemaliza. Chukua jedwali lenye makundi matatu ya umbali: la kwanza watoto 9, la pili 7, la tatu nyota, jumla 18. Mtoto wa darasa la tatu atatoa na kupata 2. Dawa yake ni kuunganisha makundi mawili au kufunika namba ya pili pia. Sentensi moja ya barua yaweza kusema hivyo, na mtakwimu wa wizara akiisoma ataacha kuhangaika.

Baada ya hayo ndipo aya ya ombi inaandikika, na inaandikika kwa ufupi. Ningeiandika hivi, nikiiachia sampuli ya patografu aya yake:

“Naomba ruhusa ya kupatiwa, kutoka Kitabu cha 12 cha MTUHA katika hospitali tatu zilizotajwa kwenye Kiambatisho A, rekodi za akina mama waliojifungua kuanzia Januari 2022 hadi Desemba 2024, kwa safu tisa zilizoorodheshwa kwenye Kiambatisho B na si zaidi ya hizo. Kazi ya kunakili itafanyika ndani ya hospitali na mtumishi wa takwimu wa hospitali husika, atakayelipwa posho kwa viwango vya serikali kutoka kwenye bajeti ya utafiti. Hakuna ukurasa wa daftari utakaopigwa picha, na hakuna daftari litakalotolewa nje ya hospitali.”

Sentensi ya picha haipo hapo kwa mapambo. Njia ya kawaida ya kunakili daftari siku hizi ni simu ya mkononi. Mtafiti msaidizi hupiga picha kurasa mia mbili apate kuingiza data nyumbani usiku. Simu nyingi hupakia picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kuuliza, na ukurasa mmoja wa Kitabu cha 12 una majina ya akina mama wengi pamoja na hali zao za VVU. Kisha picha mbili zisizosomeka hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la timu, “naomba mnisaidie hapa.” Hakuna mwizi aliyeingia popote, lakini data zimekwisha kutawanyika kwenye simu sita. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na anayeandika barua leo akidhani picha ya daftari ni jambo dogo anamweka Katibu Mkuu mahali pabaya kisheria.

Aya ya ulinzi nayo inataka watendaji na tarehe. “Data zitatunzwa kwa usiri mkubwa” ni maneno yanayofaa barua yoyote, kwa hiyo hayamsaidii afisa. Linganisha na haya:

“Faili litahifadhiwa kwenye kompyuta moja ya idara, iliyosimbwa kwa nywila, katika chumba kinachofungwa. Watakaolifungua ni wawili: mtafiti mkuu na mtakwimu wa mradi, ambao viapo vyao vya siri vimeambatishwa. Halitatumwa kwa barua pepe wala kuhamishwa kwa flashi. Kwa kuwa utafiti hautarudi kwa mama yeyote, hakutakuwa na orodha ya kuunganisha namba na majina. Faili litafutwa ifikapo tarehe 31 Desemba 2029, na mkuu wa idara atathibitisha kwa barua kwenu ndani ya siku 14. Likipotea au kufunguliwa na asiyehusika, nitawajulisha ninyi na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndani ya saa 72.”

Saa 72 nimezichukua kwenye sheria ya Kenya ya 2019, inayomtaka mwenye data kumjulisha Kamishna ndani ya muda huo. Ni kipimo kizuri hata kwa anayeandikia ofisi ya Dodoma. Kuhusu orodha ya kuunganisha namba na majina, nimeona tafiti zikiitunza kwa mazoea tu, ikalala kabatini miaka mingi baada ya mradi kufungwa. Kama hutamfuata mama nyumbani, orodha hiyo haina kazi isipokuwa kumfichua.

Limebaki jambo ambalo waombaji wengi huliogopa: nani ana neno la mwisho juu ya matokeo. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya iwe kosa Tanzania kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka 2019 kifungu hicho kililegezwa, lakini woga ulibaki pande zote mbili za meza. Ofisi nyingine hujibu kwa sharti kwamba matokeo yasichapishwe mpaka zikubali. Mtafiti mwenye haraka husaini. Mimi naona sharti hilo lizuiwe na barua yenyewe, mapema na kwa adabu. Mwombaji aahidi kuwapelekea rasimu siku 30 kabla ya kuchapisha, ili waangalie kama kuna mama au mtumishi anayeweza kutambulika na kama kuna kosa la kitakwimu, na aahidi kujibu kwa maandishi kila hoja yao. Ila aseme pia kwamba uamuzi wa kuchapisha ni wa watafiti na chuo. Wizara ina haki ya kulinda wagonjwa wake. Haina sababu ya kulinda namba isiyopendeza, hasa namba inayohesabu watoto waliokufa mama zao wakiwa tayari mlangoni mwa hospitali.

Na kwa kuwa nimewadai waombaji mengi, niidai serikali pia. Barua iliyoandikwa hivi ina safu tisa, na inaweza kujibiwa safu kwa safu. Afisa anayeona umbali bado unamfichua mama wa wilaya yenye watu wachache aandike: safu nane zimekubaliwa, ya umbali iwe makundi mawili. Hilo ni jibu ambalo mtafiti anaweza kulifanyia kazi kesho yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kumjibu raia anayeomba taarifa. Rekodi za wagonjwa ni jambo jingine na zina milango yake, lakini sioni kwa nini ombi lililoandaliwa kwa uangalifu huu lingoje zaidi ya hapo. “Ombi lako linafanyiwa kazi,” likirudiwa kwa miezi, humfundisha mtafiti kumpigia mtu anayemfahamu pale hospitalini, apewe daftari kwa mlango wa nyuma, apige picha kurasa mia mbili. Data hutoka vilevile, ila bila cheti, bila kiapo, bila tarehe ya kufutwa, na jina la kila mama likiwa bado mahali pake.